Kuisoma Maiki Kuanzia Kwenye Pini

Fundi anayezijua maiki haanzi kwa kusoma maandishi yaliyochapwa ubavuni. Huigeuza maiki juu chini na kuchungulia pini, kisha hupandisha macho kwenye wavu, na mwisho hufika kwenye kapsuli, kile kidude kilichofichwa kichwani kinachogeuza sauti kuwa umeme. Utaratibu huo una maana. Pini huonyesha maiki inataka kuungwa na kifaa gani. Wavu huonyesha inataka kusemewa upande upi. Kapsuli ndiyo pekee inayothibitisha ni maiki ya aina gani. Boksi na jina hungoja hadi hayo matatu yamalize kutoa ushahidi.

Yupo fundi mmoja Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye napenda kukaa pembeni ya meza yake akifanya kazi hiyo. Wateja wake ni washereheshaji, wanakwaya, na siku hizi watu wengi wanaorekodi sauti nyumbani: wasimulizi wa hadithi, walimu, watengenezaji wa matangazo ya redio za mitaani. Swali lao karibu wote ni moja, kama maiki waliyonayo inafaa. Yeye hajibu mpaka ameishika. Kinachonivutia ni kwamba hana haraka, na kila hatua anayopiga huondoa kosa moja ambalo mtu mwenye haraka angelifanya.

Tuanze na pini. Pini tatu zilizopangwa pembetatu ndani ya duara la chuma ni XLR. Ukichungulia kwa karibu utaona namba 1, 2 na 3. Pini ya 1 ni ardhi. Pini ya 2 na ya 3 hubeba sauti ileile, ila moja imepinduliwa. Kelele ya umeme ikiingia njiani, huingia sawasawa kwenye nyaya zote mbili. Kifaa kinachopokea huchukua tofauti kati ya 2 na 3, na kile kilichokuwa sawa pande zote hufutika. Ndiyo maana waya wa XLR unaweza kupita karibu na nyaya za umeme wa nyumba bila kuleta mngurumo. Lakini XLR haisemi kama maiki ni dainamiki au kondensa. Aina zote mbili huitumia, na hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba pini tatu ni cheti cha ubora.

Jeki kubwa ya milimita 6.3, hasa ikiwa mwisho wa waya usiochomoka, kwa kawaida ni ya dainamiki ya karaoke. Jeki ndogo ya milimita 3.5 ni ya maiki inayotegemea volti chache kutoka kwenye kompyuta au simu. Hapo fundi huhesabu pete nyeusi zilizozunguka jeki. Pete mbili ni ya kompyuta, kamera au kinasa sauti. Pete tatu ni ya simu, kwa sababu jeki ya simu hubeba spika na maiki pamoja. Ukiunga ya pete mbili kwenye simu, mara nyingi simu haitaitambua kabisa, itaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani, nawe utadhani mpya uliyonunua ni mbovu. Tundu la USB nalo huonyesha tu kwamba kifaa cha kugeuza umeme kuwa namba kimo ndani ya maiki. Kapsuli iliyo nyuma yake inaweza kuwa ya aina yoyote.

Kutoka kwenye pini macho hupanda kwenye shingo, kutafuta swichi. Maandishi ya 48V, swichi ya kupunguza desibeli 10 au ya kukata besi, au alama ya moyo karibu na alama ya duara, vyote huelekeza kwenye kondensa. Kifuniko cha betri huelekeza hukohuko. Huo ni mwelekeo, bado si hukumu, maana zipo dainamiki chache zenye swichi ya kukata besi.

Wavu ndio unaosomwa vibaya kuliko vyote. Maiki ya kushika mkononi, yenye kichwa cha mviringo na sponji ndani, husemewa kwa juu. Maiki yenye kichwa kirefu kilichobanwa pande mbili husemewa ubavuni, upande wenye nembo au alama ya moyo. Nimewahi kusikia rekodi za watu waliosemea juu ya maiki ya ubavuni kwa miezi, wakilalamika kwamba sauti yao ni hafifu na haina ncha. Kapsuli ilikuwa inatazama ukutani muda wote huo.

Kwa hiyo fundi huwasha tochi na kuipitisha nyuma ya wavu. Kwenye kondensa kubwa ya kweli utaona duara pana, kipenyo chake karibu milimita 25 au zaidi, limesimama wima likitazama mbele, na mara nyingi linang'aa dhahabu. Dhahabu hiyo ni tabaka jembamba mno lililopakwa juu ya plastiki yenye unene wa maikroni chache. Plastiki hiyo ndiyo kiwambo, na imewambwa mbele ya sahani ya chuma kama ngozi ya ngoma. Kuizunguka kuna skrubu ndogo ndogo zinazoibana kwenye pete yake. Mwili ukiwa mwepesi, wavu ukawa mpana, lakini tochi ikaonyesha kidude kidogo kilichoshikiliwa na plastiki katikati ya nafasi tupu, basi umejua kwamba wavu ule ulitengenezwa kwa ajili ya macho.

Tumefika kwenye kapsuli, na hapa inabidi kueleza kazi yenyewe kwa ufupi. Katika dainamiki, kiwambo kimegandishwa koili ya waya mwembamba inayochezea ndani ya mwanya wa sumaku. Sauti husukuma kiwambo, koili husogea, umeme huzaliwa wenyewe. Hakuna volti inayohitajika kutoka nje. Katika kondensa, kiwambo na sahani iliyo nyuma yake huwekewa chaji ya umeme. Sauti inapobadilisha umbali kati yao, volti hubadilika. Mabadiliko hayo ni dhaifu mno kiasi kwamba lazima kipaza kidogo kiwekwe hapohapo kichwani, na ndiyo maana kondensa haiishi bila umeme wa nje, kwa kawaida volti 48 ambazo mafundi huziita fantomu.

Kati ya hizo mbili kuna elektreti. Mwaka 1962, katika maabara za Bell nchini Marekani, Gerhard Sessler na James West walipata njia ya kufungia chaji ndani ya plastiki ikakaa humo kwa miaka mingi. Elektreti ni kondensa ambayo chaji yake imeshaingizwa kiwandani. Kinachobaki kuhitaji umeme ni transista ndogo ya ndani, nayo hutosheka na volti chache. Si jina la kudharau. AT2020, ambayo watu wengi wanaorekodi nyumbani wanaijua, ina chaji ya kudumu kwenye sahani yake ya nyuma na inafanya kazi ya heshima. Tatizo huanza pale elektreti ya bei ya chini inapowekwa ndani ya umbo la kondensa kubwa na kuuzwa kwa maneno ya kondensa kubwa.

Siku moja alikuja dada mmoja anayesimulia hadithi za watoto. Alikuwa na maiki mbili ndani ya mfuko.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe niione."

Ya kwanza ilikuwa mojawapo ya zile zinazouzwa kwa jina la BM-800 chini ya nembo nyingi tofauti: mwili mnene, wavu mpana, boksi lenye maneno makubwa. Chini ilikuwa na XLR. Lakini waya uliokuja nayo ulikuwa na XLR upande mmoja na jeki ya milimita 3.5 yenye pete mbili upande wa pili, na alikuwa akiichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta mpakato. Fundi aliushika ule waya akauangalia kwanza kabla ya maiki yenyewe.

"Inatoa sauti hivi hivi, bila kifaa kingine?"

"Inatoa, ila ndogo. Na feni inasikika sana, hata mvua juu ya bati."

Jibu hilo lilikuwa limeshamwambia jambo. Jeki ya kompyuta haina volti 48. Kondensa inayozitaka kweli ingekaa kimya. Kama hii inaamka kwa volti chache, ndani yake mna elektreti. Alilegeza pete iliyo chini kabisa, akavuta ganda la mwili taratibu likatoka, na pale palikuwa na kibao kidogo cha saketi na nyaya mbili nyembamba zinazopanda kichwani. Mwisho wa nyaya hizo kulikuwa na kopo dogo la bati lisilofika hata milimita 20 kwa upana, limefunikwa kitambaa cheusi mbele.

Wengi wangesimama hapo, wakaitangaza kuwa feki na kumwambia anunue nyingine. Yeye aliigeuza kapsuli aone mgongo wake. Kapsuli inayosikia zaidi mbele lazima iwe na njia ya kupitisha hewa nyuma. Sauti inayotoka nyuma huingia kwa njia zote mbili, mbele na kupitia matundu ya mgongoni, na kwa jinsi njia hizo zilivyopimwa, huikuta nafsi yake kwenye kiwambo ikajifuta. Pasipo matundu hakuna kujifuta. Mgongo wa kapsuli hii ulikuwa mzima: duara la kibao chenye nukta mbili za lehemu, bila tundu hata moja. Maana yake ilikuwa maiki inayosikia pande zote sawa, ingawa kwenye wavu ilichorwa alama ya moyo, ya kusikia zaidi mbele.

Hakutegemea macho peke yake. Aliirudishia ganda, akavaa hedifoni, akamwomba dada ahesabu moja hadi kumi kwa sauti ileile huku yeye akiizungusha maiki polepole. Maiki ya moyo hupunguza sauti kwa desibeli 6 hivi ikiwa ubavu, na hukaribia kunyamaza ikiwa imekupa mgongo. Hii haikubadilika sana. Ilififia kidogo tu kwenye ncha za herufi kama "s", kwa kuwa mwili wa maiki ulikuwa umeziba njia. Akampa dada hedifoni asikie mwenyewe.

Maiki ya pili ilikuwa ya mkononi, kuukuu, jina limefutika, ameipata kwa mtu. XLR tena, bila maandishi yoyote ya 48V. Fundi alifungua kichwa cha mviringo kwa kukizungusha. Sponji ya ndani ilikuwa imekauka mate ya watu wengi. Aliitenga ili ioshwe kwa maji na sabuni kidogo na ikauke kabisa kabla ya kurudishwa, maana sponji chafu huziba ncha za juu na mtu akadhani kapsuli imechoka. Chini yake kulikuwa na kapsuli nyeusi yenye wavu mdogo juu na mianya kuzunguka shingo. Mianya ile ndiyo matundu ya nyuma, na kuna jambo zuri la kuliona hapo: mtu akiikumbatia maiki ya namna hii kwa kiganja, huiziba mianya hiyo na kuigeuza isikie pande zote. Wale wanaoshika maiki jukwaani kwa kufunika kichwa chake ndio walewale wanaosababisha spika ipige mluzi.

Kisha akachukua mita, akaweka ncha moja kwenye pini ya 2 na nyingine kwenye ya 3. Ikasoma omu mia chache. Hiyo ni njia iliyofungwa ya waya wa shaba. Akaiunga kwenye miksa bila kubonyeza 48V, ikasema mara moja. Dainamiki. Kipimo hicho cha mita hakifanyiwi maiki yoyote unayookota. Ipo aina ya tatu, ya utepe, ambayo badala ya koili ina ukanda wa alumini mwembamba sana ukining'inia kati ya sumaku mbili, na hata umeme mdogo wa mita unaweza kuuvuta ukaharibika. Ukiona maiki nzito kupita umbo lake, yenye kichwa kirefu na isiyo na duara linaloonekana kwa tochi, weka mita chini.

Maiki ya mkononi ya namna hii inaweza kuwa na asili ya heshima. SM58 ya Shure, iliyotoka mwaka 1966 na ambayo umbo lake limeigwa kila soko, inatumia kapsuli iliyotokana na kazi ya mhandisi Ernie Seeler, na herufi SM ni za maiki ya studio, si ya jukwaa. Halisi ina uzito wa gramu 298 bila waya, kwa hiyo mizani ya jikoni huwaumbua baadhi ya waigaji. Ya dada huyu haikuwa na jina la kutetea, na fundi hakulihitaji. Alikuwa na kapsuli nzima na mianya iliyo wazi.

Sasa ndipo hukumu ya kufaa ilipoanza, na hapa nilijifunza zaidi. Dada aliamini, kama wengi, kwamba kondensa huvuta kelele za mbali na dainamiki huziacha. Fundi aliziweka maiki zote mbili sentimita 10 kutoka mdomoni, akasawazisha sauti zilingane, akawasha feni yake ya meza nyuma ya maiki. Kisha akarudia kwa sentimita 40. Kwa umbali mkubwa, zote mbili zilijaa chumba, dainamiki pia. Kwa umbali mdogo, zote mbili zilikuwa safi zaidi, ila dainamiki ilimeza feni kwa sababu feni ilikuwa mgongoni mwake, na elektreti ikaileta yote.

Maelezo yake ni haya. Sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kutoka sentimita 10 hadi 40 umeongeza mara mbili mara mbili, yaani umepoteza desibeli 12. Mwangwi wa ukuta na kelele ya feni havikusogea, vimebaki palepale. Ukipandisha sauti ili kufidia zile 12, unapandisha na chumba. Kondensa hupewa lawama kwa sababu watu huiweka mbali, na dainamiki husifiwa kwa sababu hulazimisha mdomo usogee. Maiki mbili za umbo moja la usikivu, zikiwa umbali mmoja, hukusanya chumba karibu sawa. Kondensa nzuri hunasa ncha za juu vizuri zaidi, kwa hiyo mchakarisho wa nguo na sauti ya koo husikika, lakini haiongezi masikio.

Kusogea karibu kuna gharama zake. Maiki ya moyo huongeza besi kadiri unavyoikaribia, na chini ya sentimita 5 msimulizi hugeuka mtangazaji wa mashindano ya ndondi. Herufi "p" na "b" hupiga kiwambo kwa pumzi. Fundi alimwonyesha dada aiweke maiki pembeni kidogo ya kona ya mdomo, ikimtazama, ili pumzi ipite mbele yake bila kuigonga. Ile elektreti haina tatizo la besi, kwa kuwa maiki isiyo na matundu ya nyuma haiongezi besi ukikaribia. Kwa hiyo alimwambia asiitupe. Ndani ya kabati la nguo, mlango umefungwa, kanga zimening'inia pande zote na feni imezimwa, sentimita 8 kutoka mdomoni, ingeweza kumfanyia kazi.

Dada aliuliza kama basi achomeke dainamiki kwenye kompyuta kwa waya uleule. Jibu lilikuwa hapana, na sababu ni nguvu ya umeme. Dainamiki ya namna hii hutoa kama milivolti 2 kwa sauti kubwa ya karibu. Kondensa yenye kipaza chake kichwani hutoa mara kadhaa ya hapo. Jeki ya kompyuta ikilazimishwa kukuza milivolti hizo, inakuza na mvumo wake wa ndani, ule "shhh" unaosikika kila msimulizi anaponyamaza. Inatakiwa kadi ya sauti ya USB yenye tundu la XLR na geini inayofika desibeli 55 hadi 60. Ikiwa na kitufe cha 48V ni vizuri, lakini kwa dainamiki hana haja ya kukibonyeza, na akikibonyeza kwa bahati mbaya huku waya ni mzima, haitadhurika.

Namna ya kupima kadi hiyo dukani aliieleza kwa kitendo. Unga dainamiki, pandisha geini mpaka sauti yako ya kusoma, kwa sentimita 10, ifikie kiwango kizuri kwenye skrini, kilele kati ya desibeli -12 na -6. Kisha nyamaza kwa pumzi kadhaa na sikiliza kwa hedifoni. Kama kimya hicho kina mvumo unaokusumbua kabla hata ya kutoka dukani, kadi hiyo haina nguvu za kutosha kwa maiki yako, hata ikiwa ina taa nzuri.

Hukumu ya mwisho ilikuwa kwamba dada hahitaji maiki ya tatu. Ile ya mkononi, ikiwa na sponji safi, stendi fupi ya mezani, kadi ya sauti yenye geini ya kutosha, na feni iliyohamishiwa moja kwa moja mgongoni mwa maiki, inatosha kwa hadithi zake katika chumba chenye bati na vigae. Mvua ikinyesha asirekodi. Hakuna kapsuli inayojua kutofautisha bati na msimulizi wakati bati liko juu ya vyote viwili. Fundi alimtoza bei ya kufungua na kusafisha maiki mbili tu, kisha akamwandikia kwenye kipande cha karatasi mambo matatu ya kumwambia muuzaji wa kadi: XLR, desibeli 60, na asikilize kimya kabla ya kulipa.